Uzi: Mapengo ya "there is" na "there are", mtoto kapata 3 kati ya 6. Wajuzi niangalizieni

mama_wa_mwanga

Habari za jioni wana jukwaa. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Binti yangu wa kidato cha pili amerudi na karatasi ya Kiingereza, sentensi sita za kujaza pengo kwa "is" au "are". Kapata tatu. Sina nia ya kwenda kugombana na mwalimu wake, ila binti ananiuliza kwa nini kakosa na mimi Kiingereza changu ni cha kusomea maelezo ya dawa kwenye chupa. Karatasi ni hii:

```
1. There ____ a lot of palm oil in the drum.
2. There ____ a bag of beans behind the door.
3. There ____ a pen and two rulers on the desk.
4. There ____ two litres of milk in the pot.
5. There ____ a number of passengers at the station.
6. There ____ 50,000 shillings in the envelope.
```

Yeye kaandika: 1 is, 2 is, 3 is, 4 are, 5 is, 6 are.
Mwalimu anataka: 1 is, 2 is, 3 are, 4 are, 5 are, 6 is.

Kinachonitatiza zaidi ni namba 4 na namba 6. Lita mbili ni wingi, sawa. Sasa shilingi elfu hamsini, ambazo ni nyingi kuliko mbili, zimekuwaje umoja? Nimemwambia binti labda mwalimu kateleza kalamu, lakini wenzake wote wamesahihishwa hivyo hivyo.

kijana_wa_reli

Mama, usihangaike. Nipo chuo mwaka wa pili, nyumbani Urambo. Kanuni ni moja tu, na sisi tulifundishwa hivyo: unaangalia neno lililo jirani na pengo upande wa kulia. Ukikuta "a", weka "is". Ukikuta namba kuanzia mbili, weka "are". Kwa hiyo namba 3 jirani ni "a pen", jibu "is". Namba 5 jirani ni "a number", jibu "is". Namba 6 jirani ni 50,000, jibu "are". Binti kapata sita kati ya sita, mwongozo wa mwalimu ndio wenye shida. Mpeleke ofisi ya taaluma kwa ujasiri kabisa.

dagaa_kibirizi

Hiyo lita mbili ya maziwa kwenye sufuria ikichemka si lita mbili tena 😂

Ila mama umenigusa. Mimi napakia dagaa hapa Kibirizi, nina mteja Mpulungu upande wa Zambia, yeye Kiswahili hakimo kabisa. Kila mzigo ukienda naweka kikaratasi cha Kiingereza ndani. Siku zote naandika "There is 6 sacks of dagaa". Hajawahi kulalamika, hela inakuja. Sasa nisaidieni na mimi, ni "is" au "are"? Mzigo ni mmoja jamani, unaenda kwa mtu mmoja, kwenye boti moja.

mama_wa_mwanga

Kaka yangu wa Kibirizi subiri kwanza, tumalize la mtoto 😀

Kijana wa reli, asante, lakini kama kanuni ni hiyo mbona mwalimu kamkosesha namba 3 na 5 na 6 kwa pamoja? Tatu kati ya sita ni nyingi mno kuwa za kuteleza kalamu.

mstaafu_ngambo

Hamjambo wote. Niko Tabora, Ng'ambo, nilishika chaki ya Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu. Mama, naomba nianze na binti kabla ya mwalimu wake, maana majibu yake yananiambia jambo ambalo alama haziwezi kukuambia.

Yatazame tena. Popote palipo na "a" baada ya pengo kaandika "is": namba 1, 2, 3 na 5. Popote palipo na tarakimu au neno la idadi kaandika "are": namba 4 na 6. Hajakosea ovyo, anafuata kanuni, na ni ile ile aliyoitoa kijana wa reli hapo juu. Kwa maana hiyo hata namba 1 aliyopata, kaipata kwa njia mbovu. Aliona "a lot" akaandika "is", na bahati nzuri mafuta hayahesabiki, jibu likaangukia palepale. Ukibadilisha mafuta ukaweka maharage, kanuni yake itamtupa. Mpe hizi leo usiku, usimwambie chochote:

```
a. There ____ a lot of beans in the drum.
b. There ____ a few mangoes in the basket.
c. There ____ a dozen eggs on the shelf.
d. There ____ a hundred people at the market.
```

Zote nne ni "are", na zote zina "a". Akiandika "is" kote, tumeshajua ugonjwa.

Hiyo "a" ndiyo inayopoteza watoto wengi. Ndani ya "a lot of", "a few", "a dozen", "a hundred" na "a number of", haisemi kwamba kitu ni kimoja. Ni sehemu ya maneno ya kutaja kiasi. Kitenzi kinayaruka maneno hayo na kwenda kutafuta kinachohesabiwa: maharage, maembe, mayai, watu. Abiria wa namba 5 ni wengi, kwa hiyo "are", na mwalimu yuko sahihi. Ukiweka "a large number of" au "a small number of", bado ni "are".

Sasa linganisha na namba 2, "a bag of beans". Hapo kitenzi hakiruki. Kinasimama kwenye gunia, kwa sababu gunia ni kitu chenyewe. Njia ya kumwonyesha mtoto ni hii: futa kila kitu kuanzia "of" kwenda mbele, halafu uone kama sentensi bado inasema jambo lile lile. "There is a bag behind the door": kweli kuna gunia nyuma ya mlango, hata kama hatujui ndani kuna nini. Ila "There is a number at the station": sasa umesema stesheni kuna namba imeandikwa, abiria wamepotea. Kilichobaki kikisimama chenyewe, kitenzi kinakifuata. Kisiposimama, kitenzi kinafuata kilichofutwa. Kwa "a lot" jaribio hili linatia ukungu kidogo, kwa hiyo hiyo mkariri tu: kitenzi cha "a lot of" kinafuata neno linalokuja baada yake siku zote.

Na wewe wa Kibirizi, magunia sita ni "There are six sacks of dagaa". Mteja wako hanunui sarufi ndiyo maana hajalalamika. Boti kuwa moja haihusiani.

Namba 3, 4 na 6 narudi baada ya swala.

kijana_wa_reli

Shikamoo mwalimu. Kwenye "a number of" na "a lot of" nimekuelewa. Lakini kanuni ya ujirani ipo, sijaitunga. Kwenye orodha kitenzi kinafuata kitu cha kwanza: "There is a pen and two rulers", halafu "There are two rulers and a pen". Hilo nalisimamia.

mwl_kasulu

Naingia kama mwalimu ninayefundisha sasa hivi, kidato cha kwanza na cha pili, Kasulu. Kijana, darasani kwangu ukiandika "is" kwenye "a pen and two rulers" unakosa. Kalamu moja na rula mbili ni vitu vitatu. Geuza sentensi: "A pen and two rulers are on the desk." Hapo hakuna mwenye ubishi, ni "are". Kwa nini kuanza na "there" kubadilishe hesabu? Vitu havijapungua.

Na mama, kama mzazi mwenzangu nakuambia ukweli. Upimaji wa kidato cha pili wa NECTA unasahihishwa na watu wengi, na kila mmoja ana mwongozo mbele yake. Msahihishaji hana muda wa kujadili masikio ya Waingereza. Mtoto azoee "are" kwenye orodha, hatajuta.

binti_ujiji

Hahaa, masikio ya Waingereza ndiyo yananilisha mimi. Nafanya kazi na wageni wanaokwenda Gombe kuona sokwe, nawapokea huku mjini na kuwapeleka botini. Nawaambia ukweli, wazungu wenyewe kila siku wanasema "There's two boats", "There's three of us", "There's a lot of monkeys". Waingereza, Wamarekani, wote. Mwanzoni nilikuwa najiuliza nani kanidanganya shuleni. Kwa hiyo mwalimu wa Kasulu, hawa watoto mnawakosesha kwa kitu ambacho wenye lugha yao hawakifuati.

mwl_kasulu

Dada, ulisikia "There's" au "There is"? Sikiliza vizuri kesho ukiwa botini.

binti_ujiji

😅 "There's". Tena sasa unavyoniuliza, hiyo ndefu na kitu cha wingi sikumbuki kuisikia. "There is two boats"... hapana, hiyo mbaya hata mdomoni.

mstaafu_ngambo

Nimerudi. Mwalimu wa Kasulu umeuliza swali zuri na dada amelijibu vizuri kuliko ningelijibu mimi. "There's" ya kusema imekuwa kama neno moja la kuanzia. Mtu analitoa kabla hajaamua ataendelea na kitu gani, ndiyo maana hata wasomi wao wanalitumia na wingi wakiongea. Ikiandikwa kwa urefu, "There is two boats", haikubaliki. Pengo la mtihani ni maandishi, na mara nyingi linataka neno kamili, kwa hiyo dada, ya botini ibaki botini.

Orodha sasa. Hapa nawagawia nusu nusu. Mwalimu wa Kasulu ana hoja: ukihesabu ni vitu vitatu, na vitabu vya msimamo mkali vinataka "are". Kijana naye ana hoja: baada ya "there", kitu cha kwanza kwenye orodha kikiwa kimoja, waandishi wengi wazuri wanaandika "is", na "There are a pen" inawakwaza wenye lugha. Sababu yake si hesabu, ni mpangilio. Katika "A pen and two rulers are..." umeshataja vyote ndipo kitenzi kinakuja, kinakuta mzigo mzima. Katika "There ..." kitenzi kinatangulia, na kitu cha kwanza kukutana nacho ni "a pen". Ndiyo jibu langu kwa swali lako la kwa nini "there" ibadilishe hesabu.

Kwa hiyo binti alipoandika "is" namba 3, ningempa alama. Na angeandika "are" ningempa pia. Pengo lenye majibu mawili yanayoteteka ni pengo baya, hata kama mwongozo umeandika moja. Dawa yake ni rahisi mno: mtunzi angegeuza orodha tu, "There ____ two rulers and a pen on the desk". Hapo kwa kanuni ya kuhesabu ni "are", na kwa kanuni ya jirani ni "are". Hakuna wa kulalamika.

Ila kijana, angalia usiibebe kanuni yako nje ya orodha. Ilikupeleka kwenye "There is a number of passengers" huko juu.

mwl_kasulu

Mzee, kugeuza orodha nimekubali, na kesho nitageuza za kwangu. Kumpa alama mtoto mwenye "is" sikubali bado. Kama nikimpa, wa pili yake atauliza kwa nini "There is a teacher, ten students and a driver in the bus" isiwe sahihi, na watu ni kumi na wawili humo. Unamjibu nini?

mstaafu_ngambo

Namjibu kwamba watu wanaiandika. Nakiri orodha ikizidi kurefuka na wingi ukijaa katikati, hata mimi mkono unaanza kuvutwa kwenye "are".

mwl_kasulu

Basi hatujaelewana bado. Tuendelee.

mama_wa_mwanga

Wajameni nimefanya lile jaribio! Zile nne za mwalimu mstaafu, kaandika "is" zote. Maharage, maembe, mayai, watu mia, zote "is". Nikamuuliza kwa nini, akasema "mama, si kuna a?" Yaani kama vile mwalimu alikuwa kakaa naye dawatini.

Nikamwambia afute kuanzia "of" kwenye gunia na kwenye abiria. Gunia kaelewa papo hapo. Ya abiria kacheka, kasema stesheni kuna namba ya treni.

Sasa naomba 4 na 6, maana hapo ndipo nilipoanzia.

kijana_wa_reli

Namba 4 nimesoma sehemu, mama. Vipimo vyote ni umoja: "Two litres is enough", "Ten kilometres is far", "Fifty thousand is a lot". Kwa hiyo namba 6 mwalimu yuko sawa na namba 4 kakosea, ingekuwa "There is two litres". Kipimo kinahesabika kama kitu kimoja.

mstaafu_ngambo

Kijana, unasoma na hilo ni jema, ila umechukua sentensi za aina moja ukazipachika kwenye aina nyingine. "Two litres is enough" ni sawa kabisa. Pale kiasi kimewekwa mbele, halafu kinatolewa hukumu: kinatosha, ni kingi, ni mbali. Ukitoa hukumu juu ya kiasi unakiona kama fungu moja, ndiyo maana "is" inatawala. Namba 4 haitoi hukumu yoyote. Inasema tu kilichomo sufuriani. Hapo kwenye maandishi ya uangalifu utakutana zaidi na "There are two litres of milk", kwa sababu "litres" yenye "s" imesimama mbele ya kitenzi inakiangalia. "There is two litres" nayo utaikuta, kwa mtu anayewaza ujazo na si lita moja moja, na siwezi kusema ni kosa la kumpeleka mtu jela. Ila mtoto akiandika "are" hatapingwa na mtu.

Kuna njia ya kuona lita zinavyopenda wingi baada ya "there". Uliza swali lake. "How many litres are there?" Hakuna anayesema "How many litres is there". Ukitaka "is", lazima uache lita uulize maziwa yenyewe: "How much milk is there?" Lita zinajibu swali la ngapi, maziwa yanajibu swali la kiasi gani.

Namba 6 inaelekea upande wa pili. Fedha ikitajwa kwa jumla, watu hawawazi shilingi moja moja. Hakuna aliyeweka sarafu elfu hamsini kwenye bahasha, haingefungika. Wanawaza kiasi, fungu moja, na swali lake la kawaida ni "How much money is there?" Kwa hiyo "There is 50,000 shillings in the envelope" ndiyo wengi wanayoichagua. Mama, hiyo ndiyo tofauti aliyokuwa nayo mwalimu kichwani: lita alizihesabu, fedha aliijumlisha.

Na hapo ndipo ninapoona binti kaonewa kidogo. Tofauti yenyewe ipo, lakini ni ya mwelekeo, haina ukuta katikati. "There are 50,000 shillings" nayo inaandikwa na watu wanaojua, maana neno "shillings" lina "s" yake wazi. Ukiweka 4 na 6 kwenye karatasi moja, na darasani hujawahi kutaja habari ya fedha kama fungu, mtoto anayefikiri atakosa na asiyefikiri atabahatisha. Kama mwalimu alilifundisha kabla, hilo ni suala jingine, sipo darasani kwake.

dagaa_kibirizi

Mzee shikamoo. Sasa umenichanganya kidogo. Kile kikaratasi changu mstari wa pili huwa naandika uzito. Magunia sita, kila moja kilo 30, jumla 180. "There is 180 kilos of dagaa" au "are"? Maana mimi hapo nawaza jumla kama wewe unavyowaza bahasha. Na mstari wa tatu naandika hela aliyobakiza.

mstaafu_ngambo

Marahaba. Umeuliza pagumu kwa makusudi wewe 😄 Uzito wa jumla kweli unawaza fungu, na mtu akiandika "There is 180 kilos" namwelewa. Kama ni mimi nashika kalamu ningeandika "There are 180 kilos of dagaa in six sacks", kwa sababu ile ile ya lita. Hela iliyobaki andika "There is 350,000 shillings left to pay", au kiasi chochote kile. Au kwepa yote: "Weight: 180 kg. Balance: 350,000 shillings." Karatasi ya mzigo haihitaji kitenzi.

dagaa_kibirizi

Hiyo ya mwisho nimeipenda. Kitenzi ndicho kinachonitia gharama.

binti_ujiji

Na mimi nitumbukize la kwangu. Huwa naandika ujumbe kwa nahodha na nakala kwa ofisi ya wageni: "There ____ a group of tourists waiting." Kundi ni moja, watalii wanane. Kwa jaribio la kufuta "of", "There is a group waiting" inasimama. Kwa hiyo "is"?

mstaafu_ngambo

"Is" ni salama, dada, hasa kwenye pengo la shule. Waingereza wakiwaza watu wenyewe, wanane wamekaa kila mtu na begi lake, wanaandika "are" pia. "Group" iko katikati ya gunia na "a number". Ningekuwa mtunzi nisingeiweka kwenye pengo kabisa. "A pair of shoes" ningeiweka, ile ni "is" bila ubishi, na jozi mbili ni "two pairs", "are".

mwl_kasulu

Nami niongeze la darasani, kwa sababu tumeongelea sana karatasi na kidogo watoto. Makosa ninayoyaona zaidi ya hii "a" ni ya maziwa, maji na mafuta. Kwa Kiswahili vyote vinachukua "ya": maji yapo, mafuta yameisha. Mtoto amezaliwa anayasikia kwa mfumo ule ule wa mayai yapo, magunia yapo. Anahamia Kiingereza na hisia ya wingi, anaandika "There are water". Wa kwangu nusu darasa mwanzoni mwa mwaka wako hivyo. Kwa hiyo mama, binti yako kupata namba 1 "is" kwa bahati, mimi ningempima tena bila "a": "There ____ water in the bucket", "There ____ oil in the pan", "There ____ milk in the cup". Kama anaandika "are", ana magonjwa mawili, siyo moja.

Kinyume chake pia kipo. Mchele kwa Kiingereza hauhesabiki, maharage yanahesabika, na gulioni vyote viko kwenye kisado kimoja tu. Hapo hakuna kanuni, ni kujua neno kwa neno.

mstaafu_ngambo

Mwalimu hapo umegonga. Hilo la "ya" nimelisahihisha miaka mingi, na hata kidato cha nne wapo.

kijana_wa_reli

Nimejaribu kuitunga upya karatasi yote ili kila pengo liwe na jibu moja tu. Mwalimu mstaafu na mwalimu wa Kasulu nipitishieni:

```
1. There ____ a lot of beans in the drum.
2. There ____ a bag of beans behind the door.
3. There ____ two rulers and a pen on the desk.
4. There ____ two cans of milk by the door.
5. There ____ a number of passengers at the station.
6. There ____ five 10,000-shilling notes in the envelope.
```

Namba 4 nimeweka makopo badala ya lita. Namba 6 nimeweka noti tano, kwa hiyo elfu hamsini ile ile lakini zinahesabika.

mwl_kasulu

Umetulia sasa kijana. Shida moja: "is" imebaki namba 2 peke yake, nyingine zote ni "are". Mtoto mjanja ataandika "are" kote apate tano. Rudisha mafuta namba 1, na namba 5 weka "There ____ a pair of shoes under the bed". Tatu kwa tatu.

mstaafu_ngambo

Ukiweka jozi ya viatu umeondoa abiria, na abiria ndio waliomfichua binti. Acha abiria. Weka jozi badala ya makopo, namba 4. Mafuta sawa, yarudi. Halafu changanya mpangilio, mapengo ya "is" yasifuatane.

mama_wa_mwanga

Nimeinakili hiyo ya mwisho, namba 1 mafuta, namba 4 jozi ya viatu. Kafanya sasa hivi, kapata tano. Kakosa ile ya rula mbili na kalamu, kaandika "is". Namuuliza kwa nini, anasema kaona "a pen" pale mwishoni.

mstaafu_ngambo

Bado anawinda "a", mama, sasa anaifuata hadi mwisho wa mstari. Kesho mpe orodha tupu zisizo na "a" hata moja: "There ____ two rulers and some chalk on the desk", "There ____ onions, tomatoes and salt in the basket". Akishazizoea ndipo uirudishe "a" polepole.

mwl_kasulu

Na ukimrudishia, anza na "two rulers and a pen". Ile ya "a pen and two rulers" usimpe mpaka mimi na mzee tukubaliane 😀

dagaa_kibirizi

Mtakubaliana lini? Boti ya Mpulungu inaondoka kesho na kwenye mzigo kuna sado moja ya mawese na magunia sita.

kijana_wa_reli

Andika magunia kwanza, kaka.